Barua ya wazi kwa uongozi wa shule: basi la saa 11:05 alfajiri

Kwa:
Mwenyekiti wa Bodi ya Shule,
Mwalimu Mkuu,
Msimamizi wa Usafiri wa Wanafunzi,
Mombasa.

KUH: UJUMBE WA KUBADILISHA MUDA WA BASI LA ASUBUHI, NJIA YA KIEMBENI

Waheshimiwa,

Salamu kwenu na kwa walimu wote wanaotulelea watoto. Ninaandika kwa heshima, na ninaandika hadharani kwa sababu njia za faragha zimekwisha. Nimepiga simu ofisi ya usafiri, nimeacha barua kwa karani wa mapokezi, nimezungumza na Mwalimu Mkuu langoni. Kila mara nimepokewa vizuri, nikaambiwa suala linashughulikiwa. Basi bado linakuja saa 11:05 alfajiri.

Kwa wasomaji wasiojua habari hii, ujumbe wenyewe uliingia kwenye simu zetu Ijumaa jioni, ofisi ikiwa imeshafungwa. Ninaunukuu wote: "Mzazi mpendwa, kuanzia wiki ijayo muda wa basi wa asubuhi utabadilika, litafika mapema kuliko kawaida. Tafadhali mwandae mtoto. Ahsante kwa ushirikiano wako."

Haukutaja saa, siku ya kuanza, wala kituo. Haukusema kama mabadiliko ni ya wiki moja au ya muhula mzima, wala kama jioni nayo imeguswa. Hata nani apigiwe simu, hatukuambiwa. Wazazi waliokuwa na namba ya matroni wa basi walimpigia Jumapili usiku, naye, kwa wema wake, akawaambia ni saa 11:05. Kabla ya hapo mtoto wangu alikuwa akichukuliwa saa 11:45. Waliokosa namba ya matroni waliyajua mabadiliko Jumatatu, barabarani.

Naomba kueleza malalamiko yetu moja baada ya jingine.

1. Ujumbe haukuwafikia watu wanaowapeleka watoto kituoni.

Shule inahifadhi namba moja ya simu kwa kila mwanafunzi, ile iliyoandikwa kwenye fomu siku ya kusajiliwa. Katika mitaa yetu namba hiyo mara nyingi ni ya mzazi asiyekuwepo nyumbani asubuhi. Kuna baba madereva wa malori walioko njiani kuelekea Malaba. Kuna akina mama walioko kazini Saudia na Qatar, na laini zao za Kenya zimezimwa tangu walipoondoka. Anayemshika mtoto mkono kwenda kituoni ni nyanya, au kaka mkubwa, au dada wa kazi, na hao hawamo kwenye orodha yenu.

Kwenye kituo chetu Jumatatu ile alisimama nyanya mmoja na wajukuu wake wawili, tochi mkononi, tangu saa 11:40 kama alivyozoea. Mdogo yuko PP2. Basi lilikuwa limepita zaidi ya nusu saa nyuma. Aliendelea kusubiri, kwa kuwa basi likichelewa huwa anasubiri, na hakuwa na sababu ya kudhani limewahi. Jua lilipokuwa limeshatoka ndipo jirani mmoja akamwambia. Akatafuta tuktuk ya kuwapeleka mpaka kisiwani, na nauli aliyolipa ilikuwa pesa ya matumizi ya nyumba.

Hapa kuna jambo ambalo ofisi ya usafiri inapaswa kulijua kuliko sisi. Muda wa basi ukisogezwa mbele na mzazi asipate habari, mtoto husubiri, na mwishowe basi huja. Ukirudishwa nyuma na mzazi asipate habari, mtoto huachwa. Mabadiliko ya aina hii ya pili hayawezi kutangazwa kwa ujumbe mmoja wa Ijumaa jioni ambao hakuna anayehakikisha umesomwa. Yanahitaji mtu ashike orodha ya abiria, akague nani amejibu na nani hajajibu, kisha awapigie simu waliobaki. Basi letu lina watoto wapatao thelathini. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja.

2. Saa yenyewe haimfai mtoto mdogo.

Mwezi huu wa Juni jua la Mombasa huchomoza karibu saa 12:25, na kufikia Julai husogea hadi karibu saa 12:30. Saa 11:05 hakuna hata mwanga wa kwanza. Adhana ya alfajiri ama haijatolewa ama ndiyo inatolewa, na baba anayetaka kusali jamaa msikitini analazimika kuchagua kati ya sala na kumsindikiza mwanawe kituoni. Taa za barabarani upande wetu wa Kiembeni hazifiki kila kona. Watoto wanapita vichochoroni gizani wakiwa na mabegi, na dereva wa boda anayekuja kasi hawaoni mpaka awe karibu nao.

Naomba tupige hesabu ya usingizi pamoja, kwa mtoto wangu wa Gredi ya 2 mwenye miaka saba. Ili awe kituoni saa 11:05 akiwa ameoga na kunywa chai, ninamwamsha saa 10:20. Jioni basi humfikisha nyumbani karibu saa 12:00. Anaoga, anakula, anakwenda madrasa baada ya magharibi, anarudi kufanya kazi ya shule, na akilala saa 3:00 usiku tunashukuru. Tangu saa 3:00 usiku hadi saa 10:20 ni saa saba na dakika ishirini. Wataalamu wa usingizi wa Chuo cha Marekani cha Tiba ya Usingizi walipendekeza mwaka 2016 kwamba mtoto wa miaka sita hadi kumi na miwili apate saa tisa hadi kumi na mbili kila siku. Ili apate hizo tisa tu, kiwango cha chini kabisa, mtoto wangu angepaswa kuwa usingizini saa 1:20 usiku, kabla ya adhana ya isha. Akifanya hivyo hakuna madrasa na hakuna kazi ya shule, na chakula cha usiku atakula peke yake.

Upungufu huu tunauona. Matroni anasema watoto wa mbele wote wanalala garini kabla ya kufika Bamburi, vichwa vikigonga vioo kila basi linapoingia shimoni. Mwalimu wa darasa ameandika kwenye daftari la mtoto wangu kwamba anasinzia baada ya mapumziko ya saa nne. Mwalimu huyo anafanya kazi yake. Lakini ninasikitika kwamba idara moja ya shule inaniandikia kuhusu usingizi ambao idara nyingine ya shule hiyohiyo imeuchukua.

3. Njia mpya inawapeleka watoto mbali na shule kwanza.

Ujumbe wenu haukutoa sababu, kwa hiyo tumeitafuta wenyewe. Basi la 5, lililokuwa likichukua watoto wa Shanzu na Utange, halijaonekana tangu mwishoni mwa mwezi uliopita. Watoto wake sasa wamo kwenye basi la 3, ambalo ndilo letu. Tunasikia limo gereji. Kama ni hivyo, hakuna aibu. Magari huharibika, na afadhali lililoharibika likae gereji kuliko kubeba watoto.

Shida ni jinsi njia mbili zilivyounganishwa. Basi la 3 hulala Kiembeni, kwa hiyo linaanza kuchukua watoto hapo saa 11:05. Kisha linaelekea Utange, halafu Shanzu, linakofika saa 11:35. Ndipo linageuka, linashika barabara ya Malindi kurudi kusini, linapita Bamburi, linavuka Daraja la Nyali na kufika shuleni saa 12:10. Mtoto wa Kiembeni anakaa garini dakika sitini na tano, na takriban nusu yake anasafiri kuelekea upande ambao shule haiko.

Vituo navyo vimekaribia kuongezeka maradufu, kutoka tisa hadi kumi na saba. Kila kituo kinakula kama dakika mbili: mlango ufunguliwe, mtoto apande, akae, matroni atie alama kwenye orodha, mlango ufungwe. Kwenye vituo kumi na saba hizo ni dakika thelathini na nne za gari kusimama tu. Na jioni mzigo unamrudia yuleyule, kwa sababu basi linashusha watoto kwa kufuata njia ya asubuhi kinyumenyume. Aliyepanda wa kwanza asubuhi anashuka wa mwisho jioni, siku tano kwa wiki.

Kuna mpangilio mwingine unaowezekana bila kuongeza gari wala kumwamsha dereva mapema zaidi. Basi litoke Kiembeni tupu saa 11:05 lielekee Shanzu, lianze kuchukua watoto huko saa 11:15, lipite Utange, lifike Kiembeni saa 11:35, kisha literemke Bamburi na kwenda shuleni. Litafika saa ileile, dakika chache huku au huku. Safari ndefu kuliko zote inapungua kutoka dakika sitini na tano hadi hamsini na tano. Ninajua watoto wa Shanzu watachukuliwa dakika ishirini mapema kuliko sasa, na sitaki kuwasukumia wazazi wenzangu shida yangu. Ndiyo maana siuombi mpangilio huu uwe wa kudumu. Ninautaja ili ionekane kwamba njia ya sasa ilipangwa kwa kufuata gari linalala wapi, na hakuna aliyetazama mtoto anakaa humo muda gani.

4. Watoto wanafika shule ikiwa haina mtu wa kuwapokea.

Basi linafika mapema kiasi hicho kwa kuwa linapaswa kurudi kuvuka daraja na kufanya mzunguko wa pili, ule wa Kisauni na Kongowea, kabla foleni ya Nyali haijajaa. Kwa hiyo watoto wa mzunguko wa kwanza wanashushwa saa 12:10. Madarasa yanafunguliwa saa 1:00. Kwa dakika hamsini wamekaa kwenye ngazi za ukumbi, na mtu mzima pekee aliyepo ni mlinzi, ambaye kazi yake ni lango. Vyoo vya madarasa ya chini huwa bado vimefungwa. Mtoto wa PP2 akitaka kujisaidia anaomba mkubwa amsindikize upande wa pili wa uwanja.

Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015, kanuni ya 84, zinasema saa za masomo kwa shule za kutwa ni saa 2:00 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, na kwamba shule ya kutwa isimtake mwanafunzi afike kabla ya saa 1:15 asubuhi. Mtaniambia kuwa shule haimlazimishi mtoto kufika saa 12:10, ni basi tu limemfikisha. Lakini basi ni la shule, ratiba imepangwa na shule, na mzazi aliyelipia usafiri wa muhula mzima hana njia nyingine ya kumfikisha mtoto wake. Kwa mtoto aliyekaa pale kwenye ngazi, kufikishwa na kutakiwa afike ni jambo moja.

5. Majibu tuliyopewa hadi sasa.

Tumeambiwa kwamba ujumbe wa simu ni mfupi na haubebi maelezo mengi. Ujumbe wa kawaida unabeba herufi 160, ukihesabu na nafasi. Naomba muutazame huu:

"Basi la 3, kituo cha Kiembeni: kuanzia Jumatatu 8 Juni litafika saa 11:40 alfajiri. Jioni ni ileile. Sababu: basi la 5 liko gereji hadi 10 Julai."

Tarehe na saa nimeziweka kwa mfano tu. Una herufi 145. Una basi, kituo, siku, tarehe, saa, jioni, sababu na mwisho wa mabadiliko, na bado zinabaki nafasi za kutosha kuweka namba ya simu ya tarakimu kumi. Kitu pekee kinachohitajika ni kutuma ujumbe tofauti kwa kila kituo badala ya mmoja kwa wazazi wote, na orodha ya vituo matroni anayo tayari.

Tumeambiwa pia kwamba ni foleni ya Daraja la Nyali. Foleni ipo, na sisi tunaoishi ng'ambo tunaijua vizuri. Lakini ilikuwepo mwaka jana basi likipita saa 11:45, na watoto walifika kwa wakati. Kilichobadilika ni idadi ya mabasi.

Tumeambiwa ni bei ya mafuta. Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli, EPRA, hutangaza bei tarehe 14 ya kila mwezi, zikaanza kutumika siku inayofuata. Ada ya usafiri tuliilipa mwanzoni mwa muhula, kwa njia iliyojulikana na muda uliojulikana. Ikiwa hesabu zenu zimebanwa, tuiteni tuzungumze. Kupunguza gari kimyakimya na kulipia pengo hilo kwa usingizi wa watoto si makubaliano tuliyoyafanya.

Jibu la mwisho, na ndilo lililoniuma zaidi, ni kwamba wazazi wengine hawajalalamika. Wamelalamika, tena sana, kwenye kundi la WhatsApp la njia yetu. Hawaji ofisini kwa kuwa wengine wana salio la karo na wanaogopa kuulizwa hilo kwanza. Wengine wanaogopa mtoto atajulikana kuwa ni wa yule mzazi msumbufu. Sisemi kwamba shule ingemfanyia mtoto ubaya. Ninasema hofu hiyo ipo, na ukimya wao msiuchukue kuwa ridhaa.

6. Tunachoomba.

Kwanza, na hili ni la wiki hii: kuanzia Jumatatu awepo mwalimu au matroni wa zamu shuleni kuanzia saa 12:00, darasa moja lifunguliwe na taa ziwashwe, na vyoo vya watoto wadogo viwe wazi. Hili halihitaji basi wala bajeti.

Pili, shule ikodi gari dogo la abiria, lenye leseni, mkanda kwa kila kiti na matroni wake, lichukue watoto wa Shanzu na Utange mpaka basi la 5 litakaporudi. Viti vyao vimeshalipiwa. Gari hilo likipatikana, basi la 3 linaweza kurudi kwenye saa 11:45. Ikiwa haiwezekani, tuitwe wazazi wa njia zote mbili siku moja, tuelezwe kwa nini, na tupange pamoja mzunguko wa zamu ili asiwe mtoto yuleyule anayebeba safari ndefu muhula mzima. Na sehemu ya ada ya usafiri ipunguzwe muhula ujao, kwa kuwa huduma tuliyoilipia siyo tunayoipata.

Tatu, kwa siku zijazo, mabadiliko yoyote ya kurudisha muda nyuma yatolewe siku saba kabla, kwa kila kituo peke yake, kwa namba mbili za simu za kila mtoto, moja ikiwa ya yule anayempeleka kituoni. Fomu ya kukusanya namba hizo inaweza kuja kwenye mkoba wa mtoto kesho. Asiyejibu apigiwe simu. Na kwa siku tatu za kwanza za ratiba mpya, basi likifika kituoni na mtoto hayupo, matroni ampigie mzazi kabla gari halijaondoka.

Nne, tujibiwe kwa maandishi: basi la 5 lina tatizo gani, limekwenda ukaguzi lini, na linatarajiwa kurudi lini. Mkituambia haijulikani, hilo nalo ni jibu, na tutalipokea.

Tunaomba jibu kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo. Nakala ya barua hii nimeiacha mapokezi ikiwa na sahihi za wazazi wa njia yetu waliokubali kutia sahihi, na majina hayo sijayaweka hapa kwa sababu niliyoieleza. Tusipojibiwa, tutaipeleka barua hii na hesabu zake kwa ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Lakini tungependelea kukaa na ninyi. Jumamosi asubuhi wengi wetu tunapatikana, na tunaweza kuja shuleni saa yoyote mtakayotaja.

Wenu kwa heshima,

Mzazi wa mwanafunzi wa Gredi ya 2,
basi la 3, kituo cha Kiembeni.

Nakala: Mwenyekiti wa Chama cha Wazazi, matroni na dereva wa basi la 3, ambao hatuna lalamiko lolote juu yao na tunaomba wasiulizwe kwa nini walitueleza ukweli.